Mti wa Sentimita 151: Barua Pepe Iliyomaliza Ubishi wa Data

Mti namba 217 una kipenyo cha sentimita 151 na urefu wa mita 25. Ndivyo faili inavyosema. Mtu aliyezoea misitu ya mvua ya Usambara Mashariki akiyasoma hayo mawili pamoja atasita, kwa sababu shina nene kiasi hicho kwa kawaida huwa limeupita msitu mzima kwa kimo, na mita 25 ni kimo cha miti ya kati tu. Kuna kitu hakijakaa sawa. Swali ni kifanyweje.

Hapo ndipo watafiti wetu wawili walipogongana. Mmoja ni mwanaikolojia mzoefu, mwenye mvi na makala nyingi. Mwingine ni kijana wa kike aliyesomeshwa naye, ambaye sasa ni mwandishi mwenza wake. Wanaandika makala moja kuhusu uzito wa miti katika ploti nne za hekta moja moja. Mzee anataka miti arobaini yenye vipimo vilivyojitenga na vingine ifutwe kabla ya hesabu. Kijana hataki hata mmoja ufutwe. Wote wawili nimewabuni, na namba za ploti zao ni za mfano, lakini ubishi wenyewe ni wa kila siku kwa watu wanaopima misitu.

Ili kuelewa kwa nini miti arobaini kati ya 1,812 iwatoe watu jasho, inabidi kuona jinsi mti unavyopimwa uzito bila kukatwa. Anayepima huzungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Akishapata kipenyo, urefu na uzani wa ubao wa aina hiyo ya mti, huviingiza kwenye mlinganyo. Unaotumiwa sana katika nchi za tropiki ni ule uliochapishwa mwaka 2014 na Jérôme Chave na wenzake, waliokusanya takwimu za miti 4,004 iliyokatwa na kupimwa kweli katika maeneo 58:

AGB = 0.0673 × (ρ × D² × H)^0.976

AGB ni uzito mkavu wa mti juu ya ardhi kwa kilo, ρ ni uzani wa ubao kwa gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo, D ni kipenyo kwa sentimita na H ni urefu kwa mita. Cha kuangalia ni kile kipeo cha pili juu ya D. Kosa la kipenyo halibaki lilivyo; linajizidisha lenyewe. Chukua mti 217, ubao wake uwe na uzani wa 0.6. Kwa kipenyo cha 151, mlinganyo unatoa karibu tani 17. Kama kipenyo cha kweli kingekuwa 48, uzito ungekuwa tani 1.8. Mti mmoja ulioandikwa vibaya unaongeza tani 15 ambazo hazipo, na katika ploti ya hekta moja hilo linaonekana. Misitu minene ya Afrika ya tropiki hubeba kwa wastani karibu tani 400 kwa hekta.

Kwa hiyo woga wa mzee una msingi. Makala inayotia chumvi kwenye uzito wa msitu hutia chumvi pia kwenye kaboni yake, na siku hizi kaboni inauzwa. Dawa yake ni ile iliyomo katika vitabu vingi vya takwimu: tafuta wastani, tafuta mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani huo, kisha tupa kila kilicho mbali kwa zaidi ya mikengeuko mitatu. Kwenye faili yao wastani wa kipenyo ni sentimita 24 na mkengeuko ni 20, kwa hiyo mpaka unaangukia sentimita 84. Miti arobaini iko juu yake.

Shida ni kwamba kanuni hiyo imeshonwa kwa ajili ya namba zinazojipanga sawa pande zote mbili za wastani, kama vimo vya askari wa kikosi kimoja. Msitu haujipangi hivyo. Ndani ya hekta moja kuna mamia ya miti myembamba iliyosongamana kivulini, na mikubwa michache iliyowahi kupata mwanga. Ukichora, utaona kilima kirefu upande wa kushoto na mkia mwembamba unaonyooka kwenda kulia. Miti mikubwa ndiyo mkia huo. Kanuni ya mikengeuko mitatu ikiletwa hapa, kazi inayoifanya ni kukata mkia, mti uwe umepimwa vizuri au vibaya. Na haitosheki: ukishafuta ile arobaini, wastani na mkengeuko vyote vinashuka, mpaka unasogea chini, na ukiirudia kanuni ileile itakuletea orodha nyingine ya kufuta.

Mkia huo si mapambo. Utafiti wa mwaka 2013 uliolinganisha misitu ya nyanda za chini za tropiki ulikuta kwamba barani Afrika miti yenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 70 ilibeba kwa wastani asilimia 44.5 ya uzito wote wa juu ya ardhi. Na kwa anayedhani kwamba namba kubwa mno lazima iwe ya uongo, kuna mikukusu ya Kilimanjaro. Mwaka 2016 Andreas Hemp na wenzake walitangaza kwamba mmoja wao umefika mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliowahi kupimwa barani Afrika. Kanuni ya mikengeuko mitatu isingempa nafasi.

Basi kijana ana haki? Nusu. Kukataa kufuta chochote kwa hoja kwamba “data ni data” ni kuipa heshima fomu iliyojazwa na mtu mwenye mikono iliyolowa, jioni, huku mvua ikinyesha. Mti 217 si jitu la msituni.

Wiki mbili walirushiana ujumbe. Yeye anaandika kuhusu umuhimu wa miti mikubwa, mzee anajibu kuhusu wahakiki wa jarida watakavyowacheka. Kila mmoja alikuwa anatetea kundi zima la miti arobaini, kama kwamba yote ina kesi moja. Kilichobadilisha mambo ni kwamba kijana aliacha kujibu, akafungua kabati la fomu za uwandani.

Ploti hizo zilikuwa zimepimwa pia miaka mitano kabla. Mti 217 wakati ule ulikuwa na sentimita 46.5. Kutoka hapo hadi 151 ni ongezeko la sentimita 21 kwa mwaka, wakati wasimamizi wengi wa ploti za kudumu huanza kutilia shaka mti ukizidisha sentimita 7.5 kwa mwaka. Aligawa 151 kwa 46.5 akapata 3.25. Mtu yeyote aliyesoma hisabati ya darasa la saba anaijua jirani ya namba hiyo. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, na mti uliokua kidogo katika miaka mitano utatoa uwiano uliozidi hapo kidogo. Aliyepima alikuwa ameandika mzingo kwenye safu ya kipenyo.

Kosa hilo lina mlango wake unaojulikana. Utepe wa kupimia miti huwa na nyuso mbili: uso mmoja una sentimita za kawaida, na mwingine umepigwa alama zilizokwisha kugawanywa kwa 3.14, ili ukiuzungusha kwenye shina usome kipenyo moja kwa moja. Ukiushika kinyume, unasoma mzingo bila kujua. Na mtu akishaushika kinyume asubuhi, hushinda nao hivyo. Ndiyo maana kijana hakuishia kwenye mti 217. Alitoa fomu zote za siku ile, za ploti ile, za mwandishi yuleyule. Zilikuwa na miti 38, na yote ilikuwa na uwiano kati ya 3.1 na 3.4 ikilinganishwa na vipimo vya zamani. Katika hiyo 38, saba tu ndiyo ilikuwa imekamatwa na mpaka wa sentimita 84. Mingine 31 ilikuwa imejificha katikati ya umati: mti wa sentimita 14 ulioandikwa 44 haumshtui mtu yeyote, maana msitu una miti mingi ya sentimita 44.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki. Kanuni ya mzee ingefuta makosa saba na kuyaacha 31. Papo hapo ingefuta miti mizima isiyo na kosa lolote. Ukubwa wa namba unakuonyesha pa kuanza kuchimba tu. Kesi yenyewe inaamuliwa na chanzo cha namba.

Miti 33 iliyobaki katika ile arobaini ilimtaka arudi msituni na fundi mimea na ngazi. Minne ilikuwa minyasa yenye mizizi iliyopanda kama mbao kuzunguka shina, na kikosi cha kwanza kilikuwa kimezungusha utepe juu ya mbao hizo kwenye usawa wa kifua, wakapima mti pamoja na hewa iliyo kati ya mizizi. Utaratibu unataka mti wa namna hiyo upimwe nusu mita juu ya pale mizizi inapoishia, na kwa mnyasa mkubwa huko ni juu kuliko mkono wa mtu. Mingine 27 ilipimwa upya ikatoka vilevile, tofauti ya sentimita moja au mbili. Majitu ya kweli. Miwili iliyobaki ilikuwa imeanguka na kuoza, na fomu zake zimelowa hadi wino umetawanyika.

Barua pepe aliyoituma baada ya hapo ilikuwa hivi:

*Mada: Miti 40 – pendekezo moja la kuamua, jedwali limeambatishwa*

*Shikamoo Mwalimu,*

*Natumaini safari ya Morogoro ilikuwa njema. Naomba nikurudishe kwenye ile miti 40, maana nimepata kitu ambacho sikuwa nacho tulipobishana.*

*Kwanza, ulikuwa sahihi kwamba faili ina makosa makubwa na kwamba hatuwezi kuichapisha ilivyo. Miti saba kati ya 40 imeandikwa mzingo badala ya kipenyo. Nimeona pia miti mingine 31 yenye kosa hilohilo ambayo haimo kwenye orodha yako wala haikuwa kwenye yangu, kwa sababu ni miembamba. Minne imepimwa juu ya mizizi. Mimi nilipokuwa nasema tusiguse chochote, nilikuwa natetea na hii pia.*

*Pili, miti 27 nimeipima upya na fundi wetu na vipimo vimelingana. Siwezi kuona sababu ya kuiondoa isipokuwa ukubwa wake, na swali la makala yetu ni hilohilo, msitu una uzito gani. Tukiiondoa tutakuwa tumejibu swali la msitu mwingine.*

*Napendekeza tuache kuuliza mti uko mbali kiasi gani na wastani, tuulize tunajua nini kuhusu kipimo chake. Kosa lenye ushahidi na linaloweza kusahihishwa, tulisahihishe. Kipimo kilichothibitishwa kibaki. Kisichojulikana, kama ile miti miwili iliyoanguka, tukokotoe nacho na bila nacho, tuonyeshe matokeo yote mawili. Kigezo hiki nilikiandika na kukihifadhi na tarehe yake kabla sijakokotoa tani, ili mimi na wewe tusije tukachagua kanuni kwa kuangalia jibu lipi linapendeza.*

*Haya ndiyo matokeo, kwa tani kwa hekta. Faili ghafi: 409. Tukifuta yote 40: 276. Kwa kigezo hiki: 383 pamoja na ile miti miwili, 377 bila yake. Maana yake njia yangu ya mwanzo ilizidisha kwa 26 hivi, na ya kufuta ingepunguza kwa zaidi ya 100.*

*Faili ghafi sijaigusa. Kwenye nakala nimeongeza safu mbili, moja ya kipimo kilichosahihishwa na nyingine ya sababu, ili mhakiki yeyote aweze kufuata mti mmoja mmoja. Jedwali la miti 71 liko kwenye kiambatisho, pamoja na picha za fomu.*

*Ninaloomba kwako ni moja: unakubali kigezo hiki kitumike kwenye matokeo makuu? Kama kuna mti kwenye jedwali ambao unaona nimeuweka kundi lisilo lake, niandikie namba yake. Ningeshukuru kupata jibu kabla ya Ijumaa ijayo ili niendelee na sehemu ya mbinu.*

*Mwanafunzi wako*

Barua hii haina neno hata moja la nadharia ya takwimu, na nadhani hilo lilikuwa la makusudi. Mzee anaijua nadharia kumzidi. Asichokuwa nacho ni fomu. Mwandishi amempa fomu, na amehamisha ubishi kutoka “nani anaelewa takwimu” kwenda “mti upi uko kundi gani”, jambo ambalo watu wawili wanaweza kulimaliza kwa kuangalia jedwali. Ombi la mwisho linambana kwa adabu: asiyekubali anatakiwa ataje namba ya mti.

Angalia pia alivyoziweka zile tani. Zimekuja baada ya kigezo, na amesema wazi kwamba kigezo kilitangulia. Hiyo si heshima tu. Mtafiti mwenye njia tatu za kusafisha data na jibu analolitamani atajikuta, hata bila hila, anaona ile inayompa jibu hilo kuwa ndiyo ya busara. Namba 276 ingemfaa mtu anayetaka kuonyesha kwamba msitu umeharibiwa. 409 ingemfaa anayeuza kaboni. Kuandika kanuni kwanza ni namna ya kujifunga mikono mapema.

Ningekuwa mimi, ningeongeza sentensi moja kuhusu zile hekta nne. Hata kipimo kikiwa safi kabisa, ploti nne ni chache, na katika eneo dogo kiasi hicho jitu moja kuwa ndani au nje ya kamba ya mpaka kunaweza kubadilisha wastani kwa tani kadhaa. Hilo ni tatizo la kweli, na huenda ndilo lililokuwa linamsumbua mzee bila yeye kulitaja. Lakini tiba yake ni kueleza upana wa shaka uliopo kati ya ploti na ploti, au kupima ploti zaidi. Kumwondoa jitu hakuliponyi.

Jibu lilikuja siku ya pili, fupi kama kawaida yake. *Marahaba. Nimepitia jedwali. Miti 27 ibaki. Minyasa minne sawa.* Kisha akaleta pingamizi ambalo kijana hakulitegemea. Ile miti 38 ilikuwa imesahihishwa kwa kugawa tu kwa 3.14. Mzee aliuliza: umejuaje kwamba yote 38 ilisomwa upande mbaya wa utepe? Katika fomu za siku hiyo kuna mti ambao uwiano wake ni 3.4, je, umekua haraka, au kuna kosa la pili juu ya la kwanza? Kugawa mezani ni kudhani, na tumekubaliana kwamba hatufuti kwa kudhani, basi tusisahihishe kwa kudhani. Akataka miti kumi ya kundi hilo ichaguliwe kwa kura na ipimwe upya. Kuhusu miti miwili iliyooza, alitaka 377 iwe namba kuu na 383 itajwe pembeni.

Lilikuwa pingamizi zuri, na lilitoka ndani ya kigezo chenyewe. Kijana alirudi msituni. Miti tisa kati ya kumi ilitoka ndani ya sentimita moja ya namba iliyogawanywa. Wa kumi, ule wa uwiano wa 3.4, ulikuwa umepimwa juu ya nundu. Ulipopimwa chini ya nundu ulipungua sentimita tatu. Hesabu ya jumla haikusogea hata kwa tani moja kwa hekta. Sehemu ya mbinu ikaandikwa hivi: miti yote iliyopimwa imejumuishwa isipokuwa miwili ambayo vipimo vyake havikuweza kuthibitishwa, vipimo 38 vya mzingo vilibadilishwa kuwa vipenyo baada ya kulinganishwa na vipimo vya awali na kukaguliwa kwa sampuli ya miti kumi, vinne vilirudiwa juu ya mizizi, matokeo pamoja na miti miwili iliyoachwa yameonyeshwa kwenye jedwali la nyongeza.